Barua Niliyoipata Nisiione

Mwaka jana nilikosa kazi ya likizo kwa sababu ya barua pepe iliyonifikia nisiione. Nilikuwa nimeomba kufasiri kutoka Kirundi kwenda Kiswahili katika ofisi moja hapa Bujumbura. Waliniandikia Jumatatu, wakataka niwajibu kabla ya Ijumaa. Niliifungua barua yao Jumanne ya wiki iliyofuata, nikiwa nyumbani kwetu Kamenge. Juu yake yalikuwa yamelundikana majarida ya lugha, habari za kila asubuhi na matangazo ya vitabu. Majarida hayo nilikuwa nimejiandikisha mwenyewe, na mengi nayapenda. Shida ni kwamba yaliingia kwa mlango mmoja na barua zinazongoja jibu.

Nilimweleza kaka mmoja jirani yetu, mwenye duka la intaneti. Akasema, "Dada, wageni wa kupiga soga watengee chumba chao." Nilitoa simu, lakini akanirudishia. Programu ya Gmail ya simu haina mahali pa kutengeneza kichujio. Kazi hiyo hufanywa kwenye kompyuta, na ikishafanywa mara moja, simu nayo huifuata.

Alinianzisha kwa jarida moja tu. Kwanza nilifungua toleo lake na kunakili anwani ya mtumaji. Kisha nilibonyeza alama ndogo ya vistari iliyo mwishoni mwa sehemu ya kutafutia, juu ya kikasha. Fomu ikafunguka, nikaibandika anwani kwenye mstari wa `From`. Hapo alinizuia nisiendelee. "Bonyeza `Search` kwanza. Utakachokiona ndicho kichujio kitakachokibeba." Yalitokea matoleo ya jarida lile tu. Nikaifungua fomu tena, nikabonyeza `Create filter`, nikatia alama mahali patatu: `Skip the Inbox (Archive it)`, ili barua isipite kwenye kikasha, `Apply the label`, ambapo nilitengeneza lebo niliyoiita Kusoma, na `Also apply filter to matching conversations`, ili matoleo ya zamani nayo yahame. Bila alama hiyo ya tatu, kichujio hushughulikia barua zijazo tu.

Nilirudi nyumbani nikijiona fundi. Kesho yake nilikwenda peke yangu, nikataka kuyamaliza majarida yote kwa pigo moja. Nilikuwa nimeona kwamba kila jarida lina neno `unsubscribe` chini kabisa, la kujiondoa. Nikaliandika kwenye mstari wa `Has the words`, na sikubonyeza `Search`. Kikasha kikawa cheupe, nikafurahi.

Siku chache baadaye nilifika darasani nikakuta wenzangu wameketi kufanya jaribio. Mwalimu alikuwa ametangaza mabadiliko ya siku kupitia barua ya kikundi cha darasa, na barua za kikundi nazo huwa na neno lilelile chini. Tangazo lake lilikuwa ndani ya Kusoma, na simu haikulia, kwa kuwa barua inayoruka kikasha kwa kawaida haitoi mlio. Nilikuwa nimelirudia kosa lile lile, safari hii kwa mkono wangu mwenyewe.

Nilifungua mipangilio, `See all settings`, kisha `Filters and Blocked Addresses`, nikakifuta kichujio kile. Nilidhani barua zingerudi zenyewe, hazikurudi. Kufuta kichujio huzuia kazi yake ya kesho, hakutengui ya jana. Ilinibidi niingie Kusoma, nichague za mwalimu na nyingine chache, kisha nibonyeze `Move to Inbox`.

Tangu siku hiyo nachuja kwa mtumaji, si kwa neno. Neno linaweza kuandikwa na yeyote, lakini anwani ni ya mmoja. Watumaji kadhaa huweza kukaa kwenye mstari mmoja wa `From`, wakitenganishwa na `OR` ya herufi kubwa, kwa mfano:

```
habari@example.com OR lugha@example.org
```

Kabla ya kumwongeza yeyote najiuliza: je, huyu huwahi kuniandikia jambo lenye tarehe ya mwisho? Kwa sababu hiyo matangazo ya nafasi za masomo nimeyaacha kikashani, ingawa ni mengi na yanachosha. Na jarida likibadilisha anwani yake, litaonekana tena kikashani; hiyo ndiyo dalili ya kwenda kurekebisha kichujio.

Leo Kusoma ina watumaji saba. Naifungua Jumamosi jioni, kazi za nyumbani zikiisha. Siku nyingine naamka na kukuta kikashani barua mbili tu, na zote mbili nazijibu kabla ya kutoka nyumbani.