«Profesa alisema»: alisema lini, na nani anaweza kuhakikisha?

Ninaandika kazi yangu ya mwisho juu ya toni za Mashi, na mengi niliyo nayo niliyapata darasani, si katika kitabu. Ndiyo maana maneno «Profesa alisema» yananisumbua: yanaficha vyanzo vya aina tofauti, na kila aina ina namna yake ya kutajwa.

Chukua somo moja tu. Slaidi ya kwanza iliandika: «Mashi, JD53 (Guthrie)». Hapa chanzo kilichochapishwa kipo, kwa hiyo slaidi haina kazi ya kutajwa. Tena ukikifuata chanzo unaona jambo: Guthrie aliipa Mashi namba D53. Kanda J ililetwa na watafiti wa Tervuren, na JD53 utaikuta katika orodha ya Maho ya 2009. Anayenakili slaidi anambebesha Guthrie neno la wengine.

Slaidi ya pili ilikuwa jedwali la vitenzi alilolitunga profesa mwenyewe, halijachapishwa popote. Mtindo wa APA, toleo la 7, unauliza swali moja: je, msomaji wako anaweza kuifikia? Kama slaidi imewekwa mahali ambapo watahini wanaingia, inakwenda katika orodha ya marejeo, pamoja na jina, tarehe, kichwa na neno «slaidi» katika mabano ya mraba. Kama ilipita tu katika kundi la WhatsApp la promosheni yetu, mtahini hawezi kuifungua. Basi inatajwa ndani ya matini peke yake, hivi: (N. Fulani, mawasiliano binafsi, 14 Machi 2024).

La tatu halikuwa katika slaidi. Alisema kwa mdomo kwamba vijana waliokulia mjini Bukavu hawatofautishi tena jozi fulani za maneno kwa toni. Daftari ni langu, wazo ni lake. Kwa hiyo sitaji daftari, namtaja yeye, na daftari linanipa tarehe. Kabla ya kuandika nilikwenda kumwomba ruhusa. Alikubali, ila akataka niandike «baadhi ya vijana», kwa kuwa alirekodi watu wachache. Neno hilo moja lilibadilisha sura yangu ya tatu: dai lake limekuwa swali la kuchunguza, si msingi wa kujengea.

Anabaki mama wa Walungu aliyenitamkia maneno hayo mbele ya kinasa sauti. Wengi wetu tungemwandika naye «mawasiliano binafsi». Sivyo: yeye ni mshiriki wa utafiti, na matamshi yake ni data. Anaelezwa katika sura ya mbinu, kwa alama badala ya jina, na kila mfano unabeba namba ya rekodi yake. Neno la profesa watahini wataliamini kwa heshima yake. Neno la mama huyu wanaweza kulisikiliza wenyewe.