Laini ya mwanaume, sauti za marehemu mama

Jamani, mwenzenu yamenikuta. Jumamosi moja nilikuwa nimekaa kibarazani kwetu Tandika nasukwa, simu iko pajani, mara vile vijiti vya mtandao juu ya kioo vikapotea vyote. Nikazima, nikawasha. Wapi! Nikachomoa laini, nikaipangusa kwa kanga, nikairudisha. Simu ikasema hakuna huduma.

Nikaazima simu ya msusi nikajipigia mwenyewe. Ikaita! Simu yangu iko pajani kimya kama maiti, lakini namba yangu inaita. Ikapokelewa, na sauti ile msomaji wangu hata ningekuwa usingizini ningeijua.

"Umeanza kunikumbuka, eeh?"

Nikakata. Msusi akaniuliza kulikoni, nikashindwa hata kumjibu.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo. Mwaka 2020, wakati laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilipokuwa zinafungwa, mimi namba yangu ya NIDA ilikuwa haijatoka. Bwana huyu wakati ule alikuwa mchumba, asali ya moyo, akasema usihangaike, mpenzi. Akaenda kwa wakala, akaweka kidole chake, laini ikawa hewani. Mapenzi yakaja kuisha, kidole kikabaki. Ukipiga *106# unaona namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Yangu ilikuwa inaonekana kwake, si kwangu. Kwa hiyo siku alipoamua kunikomoa alikwenda tu kwa wakala, akasema laini yangu imepotea, akaweka kidole, akapewa kadi mpya yenye namba ileile. Ya kwangu ikafa papo hapo. Nikamshitaki wapi? Laini ni yake.

Hela hazikuniuma. Mlikuwa na elfu nne na kitu, na namba ya siri hana, acha zioze humo. Kilichonikata maini ni WhatsApp.

Mama yangu alifariki mwaka 2023. Macho yalikuwa yameanza kumsumbua, kuandika meseji hawezi, basi akawa ananitumia sauti. Umekula? Umefika? Huyo kijana uliye naye mbona simwelewi? (Mama aliona mbali, mwacheni tu.) Sauti hizo ziko 61, nimezihesabu. Zote zimo kwenye WhatsApp ya namba ile, na namba ile sasa iko mfukoni kwa mwanaume.

Nywele upande mmoja zimesukwa, upande wa pili zimesimama kama nimeona jini, nikakimbilia kwa fundi simu wa pale stendi. Akanisikiliza, akasema, "Dada, jambo dogo. Tunafuta WhatsApp, tunapakua upya, unaweka namba mpya. Dakika tano." Akanyoosha mkono aichukue simu.

Nikaivuta. Nilishaona hayo kwa shoga yangu mmoja mwaka jana. Laini yake ilipotea, akanunua namba nyingine, akafuta WhatsApp, akaipakua, akajisajili upya kwa namba mpya. Akafunguliwa chumba kitupu, hakuna meseji hata moja. Akiba aliyokuwa nayo kule Google ikakataa kushuka. Mimi nilimwona analia tu, sababu nikaja kuijua baadaye: akiba ile inamtambua mwenyewe kwa vitu viwili, anwani ya Google na namba ya simu. Yeye alikuja na anwani ileile lakini namba ngeni. Kama angekuwa bado anayo laini ya zamani angejisajili kwanza kwa namba ya zamani, akaiteremsha akiba yake, halafu ndiyo abadilishe namba akiwa ndani. Laini hakuwa nayo, basi.

Nikamshukuru fundi, nikaondoka. Nikampigia binamu yangu wa Mbagala kwa simu ya watu. Huyu anauza simu miaka na miaka, na ana mdomo huyo! Swali lake la kwanza: "WhatsApp yako bado inafunguka?"

Nikaingia sehemu yenye intaneti ya bure. Inafunguka! Meseji zinaingia kama kawaida, kikundi cha vikoba wanagombana kama kawaida.

"Basi umepona," akasema. "Ila fanya haraka."

Akanieleza, na mimi nawaeleza nyie. WhatsApp haiiulizi laini kila siku. Inaiuliza siku ya kujisajili, ikishaamini imeamini, hata ukichomoa laini inaendelea. Na meseji za zamani hazikai kwenye laini wala kwa kampuni ya simu. Ziko ndani ya simu yenyewe. Kwa hiyo mama yangu alikuwa bado yuko pajani kwangu, sema tu mlangoni pameandikwa namba ya mtu mwingine.

Hatari ilikuwa moja. Bwana yule akiamua naye kufungua WhatsApp kwa namba ile, tarakimu 6 za uthibitisho zinakwenda kwake. Akiziingiza, mimi natolewa nje. Sauti zingebaki ndani ya simu yangu, lakini kwenye WhatsApp siwezi kuzifungua, na pa kubadilishia namba sipaoni tena. Ningekuwa nimeweka ile namba ya siri ya WhatsApp yenyewe, inaitwa `Two-step verification`, asingefua dafu upesi, maana asiyeijua husubirishwa mpaka siku 7. Nilikuwa nimeiweka? Thubutu! Kila WhatsApp iliponikumbusha nilikuwa nasema baadaye.

Nikaenda kwa wakala wa mwamvuli. Safari hii kidole changu mwenyewe, NIDA yangu mwenyewe. Hapo niseme jambo: kama laini ingekuwa yangu kisheria nisingenunua namba mpya. Ningerudishiwa namba ileile kwenye kadi mpya, na kwenye WhatsApp nisingegusa kitu. Kubadili namba ni kwa mtu ambaye namba ya zamani hairudi tena, kama mimi.

Nikaiweka laini mpya, nikahakikisha inapokea meseji. Nikakaa kwenye benchi la muuza kahawa, binamu ananielekeza simuni kwa sauti ya juu, wazee wa bao wote wanasikiliza. Kwanza `Settings`, halafu `Chats`, halafu `Chat backup`, nikatunza akiba, tahadhari tu. Kisha nikarudi `Settings`, nikaingia `Account`, halafu `Change number`. Pakatokea sehemu mbili: juu namba ya zamani, chini namba mpya. Unaanza na 255, ile sifuri ya mbele unaitupa. Mikono inatetemeka, nikakosea tarakimu moja ya namba yangu ya zamani, namba niliyoitumia miaka yote hiyo! Ikanikatalia, maana namba ya juu lazima iwe ileile ambayo WhatsApp hiyo inaitumia. Nikarudia taratibu.

Nikawa nasubiri sasa iseme tumetuma tarakimu kwenye namba ya zamani, nife. Haikusema. Namba ya zamani haiulizwi chochote! Tarakimu 6 zinakwenda namba mpya tu. Ukiwa bado uko ndani, hiyo inatosha kuonyesha kwamba wewe ndiye mwenyewe.

Kabla ya hapo inakuuliza kama uwaarifu watu. Unaweza kuwaarifu wote uliowahifadhi, au wale tu uliowahi kuchati nao, au uchague mmoja mmoja kwenye `Custom`. Nikachagua mmoja mmoja, watu 14, shangazi wa Tanga wa kwanza. Mnajua nani sikumgusa.

Nikabonyeza. Kidogo tu meseji ikaingia na tarakimu zake. Nikaziandika. Kioo kikazunguka, kikazunguka, mzee mmoja wa bao akasema, "Mwanangu, pumua."

Ikafunguka. Picha yangu ileile, vikundi vilevile, meseji zote zimo. Nikashuka mpaka jina la Mama, nikabonyeza sauti ya mwisho kabisa. "Mwanangu, nazi moja usiweke maji mengi." Nikalia pale pale kwenye benchi, muuza kahawa akanipa kikombe, akakataa hela.

Binamu hakunipa nafasi ya kudeka. "Tunza akiba tena sasa hivi," akafoka, "ile ya kwanza ilikuwa ya namba ya zamani. Na weka hiyo namba ya siri leo!" Nikafanya yote mawili. Usiku nikazihamisha zile sauti 61 kwenye kadi ya kumbukumbu, kadi nikaifungia kabatini.

Sasa yale ambayo hakuniambia. Ukibadili namba, akaunti ya zamani inafutwa. Yule bwana akijisajili nayo anaanza upya, haoni hata nukta ya mazungumzo yangu. Lakini kwenye simu za watu namba ile bado imehifadhiwa kwa jina langu. Yule ambaye hajaibadili kwa mkono wake akiandika, meseji inamfikia yeye. Mama mkwe wa kaka yangu alimtumia salamu ndefu za maradhi yake ya tumbo, naye akamjibu pole. Ilibidi niwapigie watu simu mmoja mmoja siku mbili nzima.

Na hii namba mpya nayo kumbe mtumba. Kuna mzee ananipigia kila asubuhi ananidai mifuko 8 ya saruji.

Kubwa zaidi ni vikundi. Mimi nilijiona mjanja na watu wangu 14, kumbe vikundini taarifa inakwenda yenyewe, huulizwi. Kila kikundi ulichomo kinaandikiwa kwamba fulani amebadili namba. Na nilikuwa bado nimo kwenye kamati ya harusi ya rafiki yetu, harusi yenyewe ilishafungwa zamani, hakuna aliyekumbuka kutoka. Nani mwingine yumo? Mwenye kidole! Ningetoka humo kwanza kabla sijagusa `Change number`, lakini kichwa kilikuwa wapi siku ile?

Jumapili jioni nimerudi kwa msusi kumalizia upande uliobaki, simu ikaita. Zamani, kama mnavyofanya wengi, namba yangu mwenyewe nilikuwa nimeihifadhi kwa jina la Mimi, ili nisiisahau. Nikaangalia kioo. Kimeandika: Mimi anapiga.

Msusi akachungulia, akaacha kitana hewani. "Mbona unajipigia?"

Nikaiacha ikaita mpaka ikakatika. Halafu nikamzuia Mimi, kwenye simu na kwenye WhatsApp, nikamwambia msusi aendelee.