Kola Kabla ya Kamera

Kazi ya picha nilijifunzia Tanga miaka ya 1990, kwenye studio ya mzee mmoja ambaye hakuanza na kamera. Alianza na pasi. Mteja akija na sare ya kazi kwa ajili ya picha ya wasifu wake, awe nesi, mlinzi au mhudumu wa hoteli, mzee alimwambia, "Vua kwanza, mwanangu, tuinyooshe." Nyuma ya pazia palikuwa na kanga ya kujisitiri na pasi ya mkaa iliyokwisha kupata moto.

Kitako cha pasi kilifutwa kwa kitambaa kibichi, majivu yasije yakachafua nguo nyeupe. Sare ya tetroni ya rangi nzito haikuguswa na chuma moja kwa moja. Iliwekewa kitambaa chenye unyevu juu yake, kwa sababu joto kali huipa mng'ao, na taa za studio huuzidisha. Kola ilipigwa kutoka nchani kwenda katikati. Ukifanya kinyume, unakisukuma kitambaa kilicholegea hadi kwenye ncha, na mkunjo unabaki palepale chini ya kidevu, ambapo mwajiri hataacha kuuona. Mteja akishaketi, mzee alimvutia shati chini, akamwambia akalie pindo lake, kisha nguo iliyozidi mgongoni akaibana kwa vibanio vya kuanikia. Kwa mbele huoni kitu, kifua kimetulia.

Ukali huo ulikuwa na sababu. Tulitumia filamu ya milimita 35, na negativu yake ni milimita 24 kwa 36 tu. Mafundi waliotumia negativu kubwa waliweza kuchonga penseli ikawa kali kabisa, wakaupaka mkunjo taratibu: mstari mweusi kwenye picha huwa mweupe kwenye negativu, kwa hiyo ukiutia penseli pale, picha inatoka na weusi uliopungua. Kwenye negativu yetu kola nzima ilikuwa milimita chache. Alama ya penseli ikikuzwa ingeonekana kama kovu. Kilichoingia kwenye filamu ndicho alichoondoka nacho mteja.

Kisha zikaja kompyuta. Photoshop 7.0 ya mwaka 2002 ilileta Healing Brush, ambayo huchukua sura ya kitambaa kutoka sehemu nzuri na kuilinganisha na mwanga wa sehemu unayoiponya. Pasi ikawekwa kando, na wateja wakaanza kuleta picha zilizokwisha kupigwa nyumbani kwa simu.

Namkumbuka nesi mmoja aliyekuwa akiomba kazi Omani. Alipigwa picha karibu na dirisha, mwanga ukitokea kulia kwake. Mkunjo ulishuka kutoka bega la kushoto hadi kwenye beji ya jina, na ncha ya kola ya upande huohuo ilikuwa imeinuka. Sehemu kubwa ya mkunjo niliiondoa kwa Healing Brush, nikifanya kazi kwenye tabaka jipya ili picha ya asili ibaki salama. Karibu na beji haikufaa, kwa sababu brashi hiyo huvuta rangi ya kitu cha jirani na kuacha doa. Hapo nilitumia Clone Stamp kwa nguvu ndogo, asilimia 20 hivi: Lighten kwa upande wenye kivuli, Darken kwa upande unaong'aa. Mkunjo una pande hizo mbili, na ukishughulikia mmoja tu, mwingine unabaki ukikusuta.

Kola ilikuwa ngumu zaidi. Nilinakili ile nzuri ya kulia, nikaigeuza kwa Flip Horizontal na kuiweka kushoto. Ilikaa vizuri, lakini ilikuja na mwanga wa upande wake, ikang'aa mahali palipopaswa kuwa na kivuli. Ikabidi niipunguzie mwanga kwa Curves, kisha nipake kivuli chembamba chini yake. Bila kivuli hicho kola huelea, haigusi nguo. Mikunjo midogo ya kwapani niliiacha, kwa kuwa sare isiyo na mkunjo hata mmoja inaonekana ya plastiki, na anayeitazama huanza kuitilia shaka picha yote.

Kazi ile ilinichukua muda mrefu kuliko ule ambao mzee angetumia kuipiga pasi sare yenyewe, na bado weupe wa sare haukuwa safi kama ule aliokuwa akiupata yeye. Kwangu mimi kompyuta ni ya kumalizia, si ya kuanzia.

Basi wewe unayejiandaa kupiga picha ya kazi, ipeleke sare studio ikiwa kwenye henga, uivalie hukohuko. Kabla hujainuka kitini, mwombe mpiga picha aikuze kola kwenye kioo cha kamera, muitazame wote wawili.