Usisikize Sikio, Tafuta Shahidi

Wasee, leo nataka kubishana na ushauri mmoja ambao karibu kila mtu aliyesomea Kenya amewahi kupewa. Ukifika kwa kile kifungu chenye mapengo, mwalimu anakuambia, "Jaza kila jibu, usome, chagua lile linalosikika vizuri." Mimi ushauri huo ulinikosesha alama nyingi, na juzi niliona ukitaka kummaliza mdogo wangu.

Kwa wenye wamesahau: katika karatasi ya Kiswahili ya KCPE, ule mtihani uliofanywa mara ya mwisho 2023, maswali yalikuwa 50. Yale 15 ya kwanza yalikuwa mapengo ndani ya vifungu vifupi, na kila pengo lilikuwa na majibu manne. Hiyo ni karibu thuluthi moja ya maswali yote, kabla hata hujafika kwa ufahamu. KCPE imeenda lakini mapengo hayajaenda. Mdogo wangu yuko Gredi ya Sita, na mazoezi anayokuja nayo nyumbani yamejaa vitu hivyo hivyo.

Sasa, mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Sitaki kuifanya hiyo hadithi leo. Nilirudi Cheptais, na jioni nikishamaliza kusaidia mathe kufunga kibanda, nakaa na huyu msichana tunapiga vitabu. Siku moja alirusha karatasi mezani akasema, "Kiswahili si lugha yetu. Mimi siwezi." Nikamwambia ajaze mapengo nikimwangalia. Alikuwa anajaza jibu, ananong'ona sentensi, anainamisha kichwa kama mtu anasikiliza redio, kisha anachagua. Mara nyingi alichagua vibaya.

Hapo ndipo nilishtuka. Alikuwa anafanya kile kile alichoambiwa. Shida ni kwamba sikio lake limefunzwa na nani? Nyumbani kwetu tunaongea Kisabaot, na Kisabaot hakina ngeli za aina ya Kiswahili, zile za nomino kulazimisha kitenzi na kivumishi vivae kiambishi chake. Sokoni na kwa stendi anasikia "kitabu yangu imepotea" na "daraja imebebwa na maji". Wenzake Wabukusu angalau wana lugha ya Kibantu nyumbani. Mtu kwao ni omundu, watu ni babandu, kwa hivyo wazo la kichwa cha neno kubadilika wamekua nalo. Hata wao wakifika mtaani wanasema "kitabu yangu" kama sisi. Ukiambia mtoto kama huyo achague kinachosikika vizuri, atachagua "daraja imebebwa" kwa sababu kwake hiyo ndiyo inasikika vizuri. Sikio lake liko sawa kabisa. Limezoea tu Kiswahili kingine.

Kwa hivyo tuliweka sikio kando. Nikamwandikia kifungu kidogo cha mapengo matano:

*Mvua ilinyesha usiku kucha. Kulipopambazuka, tulikuta daraja __1__ tulivuka jana limesombwa na maji. Ukuta wa darasa letu ulikuwa na nyufa, na nyufa __2__ zilizidi kupanuka. Kijana mmoja __3__ akijaribu kuvuka mto aliteleza akaanguka. Laiti tungalijua kwamba mto umefurika, __4__ nyumbani. Mwalimu alitukumbusha kwamba usipoziba ufa __5__ ukuta.*

1. A. ambayo B. ambalo C. ambacho D. ambao
2. A. huo B. hayo C. hizo D. hiyo
3. A. kilichokuwa B. iliyokuwa C. waliokuwa D. aliyekuwa
4. A. tungebaki B. tungalibaki C. tutabaki D. tulibaki
5. A. utajenga B. utabomoa C. utapaka D. utaegemea

Kitu cha kwanza nilimkataza kusoma kifungu. Nikamwambia, angalia majibu peke yake, uniambie yanafanana wapi na yanatofautiana wapi. Hii ndiyo siri ambayo hakuna mtu aliniambia nikiwa darasani: majibu manne ndiyo yanakuonyesha unaulizwa nini. Mtunga mtihani hakutoa neno ovyo. Huyo jamaa aliyeipa mbinu hii jina mwaka wa 1953, Mmarekani aitwaye Wilson Taylor, alikuwa akifuta maneno kwa kuhesabu, labda kila neno la tano, bila kujali ni neno gani, maana alitaka kupima kama maandishi yenyewe ni rahisi kusoma. Mapengo ya mitihani yetu hayako hivyo. Mtu alikaa chini akachagua kutoboa hapo, na ana sababu.

Angalia namba 1. Yote ni amba-, na kilichobadilika ni mkia tu. Basi hapo unaulizwa ngeli, hakuna kingine. Namba 2 yote ni viashiria, tena ngeli. Namba 3 kitenzi ni kile kile, lakini mtendaji amebadilika mbele na katikati. Namba 4 kitenzi ni kubaki mara nne, kwa hivyo swali ni la wakati au sharti. Namba 5 ndiyo tofauti: vyote vinaanza na uta-, lakini vitenzi ni vinne tofauti. Hapo sarufi imekaa kimya, na swali ni la maana.

Ukishajua unaulizwa nini, tafuta shahidi. Shahidi ni neno lingine ndani ya sentensi hiyo hiyo ambalo tayari limevaa alama unayotafuta. Na mara nyingi shahidi amekaa *baada* ya pengo. Mdogo wangu alikuwa anasoma mpaka kwa pengo, anasimama, anachagua. Shahidi yuko maneno mawili mbele na hajamwona. Sheria ya kwanza nyumbani kwetu sasa ni kusoma mpaka nukta kabla ya kugusa jibu.

Tukarudi namba 1. Daraja halina kiambishi kinachoonekana, kwa hivyo ukilitazama lenyewe halikuambii kitu, na mtaani tunalipa "i". Lakini songa mbele: "*li*mesombwa". Huyo ndiye shahidi. Li- inaenda na ambalo. Na kama shahidi hayupo, weka nomino kwa wingi: madaraja. Ikichukua ma- na kitenzi chake kikawa ya-, mara nyingi umoja wake ni li-.

Namba 2 ni mtego. "Huo" imewekwa hapo ili ikamate mtu ambaye bado anafikiria ukuta mwanzoni mwa sentensi. Lakini neno lililo karibu na pengo ni nyufa, na shahidi ni "*zi*lizidi". Jibu ni hizo. Hapa mdogo wangu alianza kutabasamu.

Halafu namba 3 ikamwangusha, na hilo ni kosa langu. Nilikuwa nimemwambia aangalie kichwa cha nomino. Akaona kijana, akaona ki-, akachagua kilichokuwa bila kupepesa macho. Akanitazama kwa hasira: "Si wewe ndiye ulisema?" Kweli, nilisema. Viumbe hai huenda na ngeli ya A-WA hata kichwa chao kikisema ki-: kijana, kiongozi, kipofu, kifaru. Lakini badala ya kumwongezea orodha ya kukariri, nilimrudisha kwa shahidi: "*a*liteleza". Kama kijana angekuwa wa ki-, mwandishi angeandika "kiliteleza". Tukajaribu upande wa pili pia. Ukisema "kitoto kilianguka", unamfanya huyo mtoto awe mdogo kabisa, na hapo ki- ni sahihi ingawa ni kiumbe hai. Orodha ya kichwani ingekudanganya. Shahidi hangekudanganya, kwa sababu aliandikwa na mtu yule yule aliyejua anazungumzia nini.

Namba 4, mtaani tungesema tu "ningejua ningebaki", na hiyo iko sawa. Lakini kifungu kimeandika "tu*ngali*jua". Sarufi ya shule inataka pande zote mbili zifanane, -nge- kwa -nge- na -ngali- kwa -ngali-. Shahidi ni -ngali-, kwa hivyo tungalibaki. Mdogo wangu aliuliza mbona tungebaki si sawa na maana yake inaeleweka. Swali fiti. Nikamwambia ukweli: watu wanachanganya kila siku na wanaelewana, lakini karatasi inapima Kiswahili cha karatasi. Ujue viwili, usidharau kimoja.

Kisha namba 5. Akatafuta shahidi. Akatafuta tena. Uta- hapa, uta- pale, vyote vinakubali. Nikamwacha ahangaike kidogo kwa makusudi. Hapa mbinu yangu inaisha. Usipoziba ufa utajenga ukuta ni methali, na kama hujawahi kuisikia, hakuna kiambishi kitakachokuokoa. "Utabomoa" ina mantiki yake, hata "utaegemea" inapita kisarufi. Pengo la namna hii linahitaji mtu aliyesoma au aliyekaa na wazee wanaoongea hivyo.

Hii ndiyo inaniuma nikikumbuka miaka yangu. Nilikuwa nikikosa mapengo, nikajiambia sijui Kiswahili, nikaanza kukariri methali na misamiati usiku kucha. Lakini mapengo mengi niliyokosa yalikuwa kama namba 1 mpaka 4, yenye majibu wazi ndani ya sentensi, yamevaa li- na zi- na a-, yakinitazama. Nilikuwa natibu ugonjwa ambao si wangu. Hakuna aliyewahi kunigawia makosa yangu kwa makundi aniambie, kijana, hapa uliangushwa na sarufi na hapa uliangushwa na maana.

Kwa hivyo siku hizi mdogo wangu akisahihishiwa zoezi hahesabu tu alikosa ngapi. Kando ya kila kosa anaandika S au M. Ikiwa ni S, anarudi kutafuta shahidi na kumpigia mstari. Ikiwa ni M, anaandika neno au methali kwa daftari lake dogo. Wiki ya kwanza ukurasa ulikuwa S juu hadi chini. Wiki hii zimebaki S mbili, na moja ilikuwa kiongozi, tena. Daftari la M ndilo linajaa sasa, na hilo halina njia ya mkato, jioni tunasoma tu.

Bado anasema Kiswahili si lugha yetu. Lakini jana mathe alisema "viatu yangu iko wapi", na kutoka jikoni tukasikia sauti ndogo: "Mama, vi-, vi-." Mathe alimwangalia kwa muda mrefu. Kisha akaita tena, polepole, "Viatu vyangu viko wapi?" na akaletewa.