Uniti Ngapi Zimo Humo Ndani?

Kila msimu wa vimbunga unapokaribia, maduka ya Houston hupanga pawa stesheni karibu na mlango: yale maboksi yenye betri na inveta ndani, yenye mshikio juu, ya kubeba kwa mkono. Kinachoudhi ni maandishi yake. Kwa herufi kubwa utasoma wati 600, na chini yake kwamba boksi huchaji simu mara 40. Namba ya kumsaidia mnunuzi, yaani 512Wh, imefichwa nyuma kwa herufi za kusomea miwani. Mtu aliyekulia kwenye LUKU, au kwenye tokeni za Kenya, hawezi kukubali maandishi ya namna hiyo, kwa sababu kwetu hakuna anayenunua wati. Tunanunua uniti. Wati ni kasi ya kuvuta umeme, na wati-saa ni umeme wenyewe uliomo tangini. Uniti moja ni wati-saa 1,000. Hizo wati 600 zinakueleza tu kwamba ukichomeka kitu kinachovuta zaidi ya hapo, boksi litakataa. Simu nne na laptop moja vikichaji kwa pamoja ni nadra kufika wati 150, kwa hiyo namba kubwa kuliko zote pale juu haina kazi kwako. Swali ni lile la nyumbani: uniti ngapi zimo humo ndani? Nusu uniti, basi. Sasa je, nusu uniti itafika siku ngapi?

Houston si mahali pa kuuliza swali hilo kinadharia. Kimbunga Beryl kilipopiga pwani ya Texas tarehe 8 Julai 2024, wateja zaidi ya milioni mbili wa eneo hilo walikosa umeme, na wako waliokaa gizani zaidi ya wiki. Chukua nyumba yenye simu nne na laptop moja. Simu ya kisasa yenye betri ya 5,000 mAh inabeba wati-saa 19 hivi, na wakati wa maafa usiipigie hesabu ya chini ya chaji moja kamili kwa siku: minara ikizimika, simu hutumia nguvu zaidi kuusaka mtandao wa mbali, na ndugu wa Dar na Mombasa nao wanapiga kutwa. Simu nne ni wati-saa 76. Laptop usiikisie kwa maneno ya tangazo lake. Kwenye Windows fungua dirisha la amri uandike hivi:

```
powercfg /batteryreport
```

Amri itahifadhi ripoti kwenye faili na kukuonyesha ilipo; ifungue, utafute mstari wa FULL CHARGE CAPACITY. Ukisoma 60,000 mWh, betri yako inajaa kwa wati-saa 60, na hizo zinatosha saa tano hivi za kazi nyepesi, mwanga wa kioo ukiupunguza. Jumla ni 136 kwa siku. Boksi halitoi kila lilichonacho, kwa sababu sehemu hupotea kama joto njiani. Ukichaji kwa tundu za USB, gawanya kwa 0.85, upate wati-saa 160. Nusu uniti yetu, 512 kwa 160, ni siku tatu na kidogo.

Hesabu hiyo inasimama kwa sharti moja tu, kwamba unachaji kwa USB na inveta imezimwa, na hapo ndipo watu wengi wanapopoteza umeme bila kujua. Huku ughaibuni mazoea ni kuchomeka chaja ukutani, kwa hiyo boksi likiwashwa, mkono unakwenda moja kwa moja kwenye soketi yake ya ukutani. Soketi hiyo inalishwa na inveta, na inveta ikiwa imewashwa inakula hata kama hakuna kilichochomekwa. Katika maboksi ya ukubwa huu ulaji wake mara nyingi ni kama wati 10. Wati 10 kwa saa 24 ni wati-saa 240, zaidi ya simu nne na laptop zikiwekwa pamoja. Ongeza matumizi yenyewe, ambayo kupitia inveta yanafika 170, na nyumba ileile sasa inakula 410 kwa siku. Boksi la siku tatu limekuwa la siku moja na robo, na mwenye nyumba atasema betri ni feki. Si feki. Lipime kabla ya msimu: lijaze, washa soketi bila kuchomeka chochote, rudi baada ya saa kumi. Likiwa limeshuka kwa asilimia 20, limetumia wati-saa 100, yaani wati-saa 10 kila saa, na sasa unajua inveta yako inakugharimu nini. Mengine hujizima yenyewe yakiona mzigo ni mdogo. Hayo yana tatizo lake, maana unaweza kuacha simu ikichaji usiku kwenye soketi na kuikuta asubuhi haijajaa.

Atakayejibu kwamba laptop yake ni ya zamani na haipokei chaji ya USB-C ana hoja, na dawa yake ni ratiba. Washa inveta saa mbili kwa siku, ijaze laptop, zima. Hapo inveta itakula wati-saa 20 badala ya 240. Atakayesema bora ununue boksi la uniti nzima umalize biashara, naye asikilizwe, lakini ajue analipa karibu mara mbili, anabeba kilo kumi na zaidi, na inveta kubwa kwa kawaida hula zaidi ikiwa imekaa bure. Akiiacha wazi usiku na mchana kwa ulaji uleule wa 410, uniti nzima itamfikisha siku mbili na nusu. Mwenye nusu uniti na nyaya za USB atakuwa bado ana chaji. Ruta ya intaneti ndiyo inayobadilisha hesabu kwa haki: wati 10 zake saa 24 ni 240 nyingine, kwa hiyo iwashe kwa saa maalumu, kama mtandao wenyewe wa mtaani haujakatika.

Nyumbani swali linageuka. Zanzibar ilikaa bila umeme wa gridi kama mwezi mzima mwaka 2008, kisha karibu miezi mitatu kuanzia Desemba 2009, waya wa chini ya bahari ulipoharibika. Kwa giza la namna hiyo hakuna boksi la kutosha. Kinachopimwa ni kiasi gani kinarudi kila siku. Paneli ya sola ya wati 100, ikiwekwa vizuri kwenye jua letu, hutoa kama wati 65 kwa saa nne nzuri, yaani wati-saa 260 dhidi ya 160 tunazotumia. Kwa hiyo boksi la nyumbani linaweza kuwa dogo kuliko la Houston: wati-saa 300 zinavuka karibu siku mbili za mawingu, na paneli inarudisha pengo jua likitoka. Ila linunuliwe hukohuko. Mashirika ya ndege hayaruhusu abiria kubeba betri ya akiba ya zaidi ya wati-saa 160, iwe mkononi au kwenye begi la chini, na boksi la Marekani hutoa volti 120 wakati vifaa vya nyumbani vinataka 230. Fedha zitumwe, na atakayekwenda dukani aulize Wh.