Sifuri Iliyotutia Hasara

Seva yetu ilisema kweli, na wanachama nao walisema kweli. Kwenye daftari la seva, kila barua pepe tuliyomtumia mwenye anwani ya Gmail ilikuwa na jibu `250 2.0.0 OK`, yaani Google wameipokea. Wanachama nao walipiga simu kutoka Nairobi, Mombasa na Dubai wakiapa kwamba hawajaona kitu. Ilikuwa Februari 2025, hapa Moi's Bridge, na oda za mbolea ya kupandia zilikuwa zinafungwa mwisho wa mwezi.

Huenda mtu akashangaa chama cha ushirika cha wakulima wa mahindi kina haja gani na barua pepe. Mkulima aliye hapa hapa anapata ujumbe mfupi wa simu, na mengine anayasikia stendi au kwenye foleni ya bohari ya nafaka. Lakini tuna kundi kubwa la wakulima wa simu: walimu, askari, wauguzi, watu walio ng'ambo, wenye ekari zao huku wakilima kwa kumpigia msimamizi. Hao ndio wanaojaza fomu ya DAP na mbegu kwa barua pepe, na ndio wanaodai taarifa ya magunia na makato. Oda zao zikichelewa, lori la mbolea linachelewa, na mvua haimsubiri mtu.

Mwaka huo oda zilikuja chini ya nusu ya kawaida. Mwenyekiti, mzee asiyependa maneno mengi, aliniita ofisini.

"Binti yangu, watu wanasema umelalia kazi."

"Mzee, barua zote zimeenda. Ninayo daftari hapa."

"Zimeenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Seva inajua barua imepokewa mlangoni. Haijui imewekwa chumba gani. Aliyenipa fununu ni mwalimu mstaafu anayeishi Nairobi, ambaye alipekua simu yake kwa subira yote ya kusahihisha mitihani. "Mwanangu, nimeiona. Iko kwenye Spam, imebanwa katikati ya matangazo ya kamari."

Hapo nikaanza kutafuta namna ya kuona upande wa pili wa mlango. Google wana dashibodi ya bure iitwayo Postmaster Tools. Unaingiza jina la kikoa chako, wanakupa mstari wa maandishi, unauweka kwenye DNS kama rekodi ya TXT, nao wakiukuta wanakubali kwamba kikoa ni chako. Ni kazi ya dakika chache kwa mwenye nenosiri la DNS. Letu lilikuwa kwa kijana aliyetutengenezea tovuti miaka iliyopita, na kumpata kulikula muda kuliko mambo mengine yote.

Takwimu zilipoanza kuonekana, nilitazama kwanza ukurasa wa `Spam rate`. Huo unaonyesha, kwa kila siku, kati ya barua zilizoingia kwenye kikasha ni asilimia ngapi wapokeaji walizibonyezea `Report spam`. Google wanataka mtumaji akae chini ya asilimia 0.1 na asifike 0.3. Sisi tulikuwa na wapokeaji wa Gmail kama 4,000. Piga hesabu: watu 4 wanakufikisha kwenye 0.1, watu 12 wanakufikisha kwenye 0.3. Wanachama wanaokaa meza moja ya harusi wanatosha kuwaharibia wenzao maelfu.

Basi nilitarajia kuona namba ya kutisha. Nikaona 0.0, siku baada ya siku. Nilimpelekea mwenyekiti habari hiyo kama ushindi: hakuna anayelalamika. Ukurasa wa pili ndio uliotunyamazisha. Ule wa sifa ya kikoa, ambao wakati huo ulikuwa na madaraja manne, `High`, `Medium`, `Low` na `Bad`, ulituweka `Low`.

Inawezekanaje mtu asiyelalamikiwa na yeyote awe na sifa mbaya? Nilikaa na swali hilo hadi nikasoma tena maana ya ile asilimia. Hesabu inafanywa kwa barua zilizoingia kwenye kikasha. Barua ambayo Google wameshaitupa kwenye Spam haionwi, na isiyoonwa haiwezi kulalamikiwa. Sifuri yetu ilimaanisha kwamba hukumu ilishatolewa zamani na barua zetu zilikuwa zimefungiwa. Tangu siku hiyo sitazami malalamiko peke yake. Yakiwa sifuri na watu wanajibu barua, ni sifuri ya heri. Yakiwa sifuri na simu zinaita, kuna jambo.

Lakini nani alilalamika kabla ya hukumu, na kwa barua gani? Google hawakutajii mtu. Wanachokubali ni uweke kwenye kichwa cha barua alama ya kundi, nao wakuonyeshe kundi lipi linalalamikiwa kupita kiasi:

```
Feedback-ID: oda:wakulimawasimu:taarifa:ushirikamb
```

Sehemu ya mwisho ni jina la mtumaji lisilobadilika. Zilizotangulia unazipanga mwenyewe. Tuliweka. Kwa chama cha ukubwa wetu ukurasa huo ulibaki mtupu karibu kila siku, kwa sababu Google hawaonyeshi kundi mpaka barua ziwe nyingi na walalamikaji wawe zaidi ya mmoja mmoja. Kwa mtumaji mkubwa ni dawa. Kwetu haikufaa kitu.

Msaada ulitoka kwa Yahoo, watu ambao wengi hapa wameshawasahau. Wazee wetu waliofungua anwani enzi za saiba hawajazisahau. Yahoo wana mpango wa mrejesho wa malalamiko: unasajili kikoa unachotilia barua sahihi ya DKIM, na kila mara mtu akibonyeza kitufe cha taka wanakutumia ripoti. Ripoti ina maelezo mafupi, kipande cha kusomwa na mashine chenye `Feedback-Type: abuse`, kisha barua yenyewe iliyolalamikiwa. Anwani ya mlalamikaji inaweza kuwa imefutwa, kwa hiyo usitegemee kuiona. Sisi tuliokolewa na kiungo cha kujiondoa kilicho chini ya kila barua, maana ndani yake mfumo huandika namba ya mpokeaji pamoja na herufi ya orodha aliyotoka.

Ripoti zilikuwa chache. Zote zilihusu tangazo moja la bima ya mazao, na karibu kila namba ilianza na M.

M ilikuwa maonyesho. Mwaka uliotangulia kampuni ya matangazo tuliyoikodi ilisimamia kibanda chetu kwenye maonyesho ya kilimo Eldoret. Aliyeandika jina na anwani yake alipewa kofia. Kampuni ikaichukua orodha hiyo ya kofia, ikaiingiza kwenye mfumo kana kwamba ni wanachama, na ikawatumia tangazo la bima kwa jina la chama na kikoa kile kile kinachobeba taarifa za magunia. Mtu wa Kapsabet aliyetaka kofia tu, leo anaandikiwa kuhusu bima ya mahindi asiyolima. Abonyeze nini kama si `Report spam`? Mimi simlaumu hata kidogo. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 nayo iko upande wake.

Tiba haikuwa ya siku moja. Tulifuta orodha ya M yote, bila kuwaandikia kuwauliza kama wanataka kubaki, kwani barua hiyo nayo ingelalamikiwa. Taarifa na oda tukazipa kikoa kidogo chao, matangazo kikoa kidogo kingine. Huo si ukuta kamili, kwa kuwa Google wanaujua ukoo mzima, ila angalau unaona moshi unatoka nyumba ipi. Tukaongeza kujiondoa kwa mbofyo mmoja, jambo ambalo Google na Yahoo walilidai mwaka 2024 kwa wanaotuma matangazo kwa wingi:

```
List-Unsubscribe: <https://example.com/ondoka?n=K1047>
List-Unsubscribe-Post: List-Unsubscribe=One-Click
```

Kisha tukawatumia wanachama ujumbe mfupi wa simu: fungua Spam, tafuta barua ya chama, bonyeza `Not spam`. Hilo ndilo lililonifurahisha zaidi, kwa sababu wakulima wa simu walilifanya kwa bidii, wakapigiana kwenye vikundi vyao. Barua tulituma kwa mafungu, tukianza na wale waliopeleka mahindi msimu uliopita au waliotujibu karibuni, ndipo tukaongeza wengine.

Baada ya wiki chache, `Spam rate` ikapanda kutoka 0.0 hadi 0.2. Mwenyekiti alikuwa ameshajifunza kuisoma, akaja mbio. "Sasa tumeharibu zaidi?" Nikamwambia, "La, mzee. Sasa tunaonekana." Barua zilikuwa zimerudi kwenye kikasha, na palipo na wasomaji hapakosi mmoja wa kununa. Sifa ya kikoa ilipanda kwanza hadi `Medium`, na malalamiko yakashuka yenyewe yalipokosa wa kuyaleta.

Niseme pia mipaka, maana kuna watu wanaotazama dashibodi hizi kama ramli. Siku unayotuma barua 300, mlalamikaji mmoja anakupa asilimia 0.33, na siku hiyo haisemi lolote. Tazama wiki nzima. Siku ya barua chache mno Google hawaonyeshi kitu kabisa, na namba zenyewe huchelewa siku moja au zaidi. Kwa Hotmail na Outlook, Microsoft wana SNDS na JMRP, lakini hao huhesabu kwa anwani ya IP. Kama unatuma kupitia kampuni inayowachanganya wateja kwenye IP moja, hutaona chako. SNDS ina rangi: kijani ni pale vichujio vyao vinapohukumu taka chini ya asilimia 10 ya barua zako, nyekundu ni zaidi ya 90, na njano ni kila kilicho katikati, yaani uwanja mpana mno wa kujifariji ndani yake.

Tena, baadaye mwaka huo huo wa 2025 Google waliondoa zile kurasa za sifa. `Low` iliyotuzindua sisi, anayeanza leo hataiona. Miongoni mwa kurasa zilizobaki ni ule wa asilimia ya malalamiko na ule unaokwambia kama umetimiza masharti yao. Kwa hiyo sasa nina anwani chache za Gmail za wanakamati waliokubali, na baada ya kila utumaji nawauliza barua imeangukia wapi.

Oda za mbolea ya kupandia tulizipoteza nyingi msimu ule, na wapo waliolima bila DAP yetu. Za CAN ya kukuzia zilirudi karibu na kawaida.

Makatibu wenzangu wa vyama na saccos, Postmaster Tools haina malipo, wala mrejesho wa Yahoo. Vifungueni sasa, barua zikiwa bado zinafika, ili mjue namba zenu za siku njema zinafananaje. Na kama nenosiri la DNS analo kijana aliyewatengenezea tovuti kisha akahama, mtafuteni kabla ya Februari.