Neno Lenyewe ni Lipi?

Nilipokuwa Darasa la VI nilimtia babu yangu hasara, na hasara hiyo ndiyo iliyonifanya niandike karatasi ya mazoezi ninayotaka kuwaeleza wasomaji wa gazeti letu.

Babu analima mahindi katika Wilaya ya Uyui. Macho yake hayaoni tena herufi ndogo, kwa hiyo kazi ya kumsomea gazeti ilikuwa yangu. Siku moja nilisoma habari ya kiongozi aliyezuru kata ya jirani. Nilisoma mbio mbio, bila kukwama hata neno moja. Babu alipouliza, "Basi, neno lenyewe ni lipi?" nilimjibu kwa majivuno, "Kiongozi alikuja, akapokewa kwa ngoma, na watu walikuwa wengi sana." Babu akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye kazi yake.

Wiki ya pili yake tukasikia kwamba majirani wamekwisha kujiandikisha kupata mbolea ya ruzuku, na siku ya mwisho imepita. Nililitafuta lile gazeti. Habari yote ilikuwamo katika aya ya nne: wakulima wajiandikishe kabla ya Ijumaa. Mimi niliisoma kwa kinywa changu, lakini ngoma zilizokuwa mwanzoni zilinijaa kichwani. Msimu ule babu alinunua mifuko miwili tu kwa bei kamili, na nusu ya shamba ikakosa mbolea. Hakunigombeza. Ingekuwa nafuu kama angenigombeza.

Likizo iliyopita mwalimu wa shule ya msingi ya kijijini kwetu aliniomba nisaidie Darasa la VI katika ufahamu. Nikaamua kuwafundisha jambo moja tu, yaani jinsi ya kutafuta wazo kuu la habari fupi, na maelezo yanayolishikilia. Sikutaka habari ambayo walikwisha kuisikia redioni, kwa hiyo niliandika habari ya zamani ya huku kwetu, kana kwamba mwandishi wa gazeti alikuwapo. Nilizipa sentensi namba, hivi:

1. Mwezi wa Agosti, mwaka 1872, kundi la wapagazi lilionekana likiingia Kwihara, karibu na Tabora.
2. Wapagazi hao, zaidi ya 50, walitumwa kutoka pwani na Bwana Stanley.
3. Daktari Livingstone alikuwa akiwangoja tangu mwezi wa Machi.
4. Nyumba aliyokaa ni tembe lenye kuta nene za udongo.
5. Bila watu wa kuchukua mizigo hakuweza kuendelea kutafuta chanzo cha mto Naili.
6. Tarehe 25 Agosti aliondoka Kwihara pamoja nao.

Chini yake niliandika: "Andika wazo kuu kwa sentensi moja. Kisha taja namba za sentensi zinazolishikilia."

Watoto walikuwa 32. Nilipokusanya karatasi niliona kwamba makosa hayakuwa ya ovyo. Yalikuwa ya namna tatu. Watoto 14 walinakili sentensi ya kwanza, kwa sababu waliwahi kuambiwa kwamba wazo kuu hukaa mwanzoni. Watoto tisa waliandika "Livingstone" au "Wapagazi" tu. Wanne waliandika "Safari za zamani zilikuwa ngumu." Watano waliobaki ndio waliokaribia.

Nilianza na wale tisa. Nikawauliza, "Mtu akija mbio akakwambia 'Ng'ombe!' amekupa habari?" Wakacheka, wakasema hapana, lazima aseme ng'ombe amefanya nini. Basi "Livingstone" ni mada, wala si wazo kuu. Wazo kuu hujibu maswali mawili pamoja: habari inamhusu nani au nini, tena inasema nini juu yake?

Wale wanne walikosea kwa upande mwingine. Sentensi yao ni ya kweli, lakini ni pana mno. Ingeweza kuwekwa juu ya habari ya msafara wowote uliopita Tabora kwenda Ujiji au kurudi Bagamoyo. Ukiona sentensi yako inafaa habari nyingine kumi, jua umetoka nje ya habari hii.

Wale 14 ndio walionipa taabu, maana kosa lao ndilo lililokuwa langu. Katika magazeti mengi jambo kubwa huwekwa mwanzoni, na kwa hiyo kubahatisha sentensi ya kwanza hufaulu mara nyingi. Lakini mwandishi mwingine hufungua kwa vumbi, ngoma au hali ya hewa, ili msomaji avutwe. Nikawaambia wafunike sentensi moja moja kwa rula, kisha wasome zilizobaki. Walipofunika ya nne, hakuna kilichoharibika. Tembe lilikuwapo kweli, na leo mahali pale pana makumbusho, lakini safari haikutegemea unene wa kuta. Walipofunika ya tano, msichana mmoja akasema, "Sasa hatujui kwa nini alingoja." Walipofunika ya sita hatukujua mwisho wake. Walipofunika ya kwanza tulipoteza mahali tu.

Wakagundua wenyewe kwamba hapakuwa na sentensi hata moja iliyobeba jambo lote, ilibidi kuziunganisha. Tukaandika ubaoni: "Livingstone aliweza kuendelea na safari yake baada ya kupata wapagazi waliotumwa na Stanley."

Kisha tukajaribu nguzo zake. Kila sentensi inayoshikilia wazo kuu lazima ijibu swali linalotoka katika wazo hilo. Wapagazi gani? Sentensi ya pili. Aliwangoja tangu lini? Ya tatu. Kwa nini aliwahitaji? Ya tano. Aliendelea lini? Ya sita. Ya kwanza inatupa mahali na wakati walipofika. Ya nne haijibu swali lolote kati ya hayo, ni pambo. Mvulana mmoja alibisha kwamba yeye aliipenda ya nne kuliko zote, kwa sababu amefika Kwihara na ameliona tembe. Nikamwambia kwamba si kosa kuipenda. Kosa ni kudhani kwamba kinachotupendeza ndicho kilichomfanya mwandishi aandike.

Siku ya pili niliwapa habari ya mbolea, nikiwa nimeiandika upya bila majina. Watoto 23 walipata wazo kuu: wakulima wanatakiwa kujiandikisha ili wapate mbolea ya ruzuku. Nilifurahi, mpaka nilipotazama namba. Wengi walikuwa wameiacha sentensi yenye Ijumaa, wakidhani ni kitu kidogo kama kuta za tembe. Hapo nikaelewa kwamba nami ningaliweza kumpa babu wazo kuu zuri kabisa, na bado akakosa mbolea. "Lini?" ni swali linalotoka moja kwa moja katika "kujiandikisha." Nguzo ni ndogo kuliko paa, lakini uking'oa ile inayobeba, paa huanguka.

Jioni nilimweleza babu mambo hayo yote, na mwishowe nikamwomba radhi kwa ajili ya msimu ule. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Ungenipa neno bila siku, ningelala. Ungenipa siku bila neno, ningeuliza Ijumaa kuna nini. Wewe ulinipa ngoma."

Akanipa gazeti la siku ile. Nilisoma habari ya kwanza polepole, nikarudia aya ya mwisho, nikakaa kimya kufikiri. Babu hakuharakisha. Alingoja mpaka nilipoinua kichwa, ndipo akauliza, "Haya, neno lenyewe ni lipi?"

Mwanafunzi, Kidato cha V